Kufupisha maelezo marefu ya ugonjwa yawe karatasi moja ya kuingia nayo kwa daktari

Mtu akiugua muda mrefu huwa anaandika. Usiku usingizi ukikataa anafungua simu anaandika kwa noti ama anajitumia Watsap, kila kitu kipya kikitokea anaongeza chini, na baada ya miezi inakuwa kurasa tatu nne hivi zenye kila kitu kiko ndani, penye panauma, dawa alinunua kwa kemisti, kile jirani alimwambia, venye kazi inamsumbua. Halafu siku ya kliniki anaingia nayo vile iko. Daktari anasoma mistari kama mitano ya juu, anarudisha simu, anaanza maswali yake, na ile sentensi ya maana iliyokuwa ukurasa wa tatu haisomwi na mtu yeyote.

Mimi ni nesi, nafanya kazi triaji, pale unapimwa presha na joto na uzito kabla uitwe ndani, na hizo simu naonyeshwa karibu kila siku. Sio ati daktari hajali. Foleni iko nje, na hata penye hakuna foleni madaktari wana tabia ya kukatiza, hiyo imejulikana kitambo: mwaka wa 1984 watafiti wawili Amerika, Beckman na Frankel, walirekodi madaktari wakiongea na wagonjwa wakapata mgonjwa alikuwa anakatizwa baada ya kama sekunde 18 kwa wastani. Na wakati huohuo yale mgonjwa anasema ndiyo yanabeba kazi kubwa. Kuna utafiti wa Uingereza wa 1975, wagonjwa wapya 80, na kwa 66 kati yao ugonjwa ambao ulikubaliwa mwishoni daktari alikuwa ashaufikia kwa barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa tu, kabla hajamgusa wala kumpima chochote. Kwa hivyo hizo sekunde za kwanza ni lazima zibebe vitu vyenyewe.

Nitatumia mfano wa mtu mmoja. Nimemuunganisha kutoka kwa watu wengi nimeona kwa hivyo usitafute ni nani. Ni mama wa miaka 43, anauza mitumba Gikomba, anaishi Umoja floo ya nne, na ameandika kwa simu tangu mwaka jana. Msichana wake wa chuo ndiye ameambiwa, "Hebu nifupishie hii maneno, kesho naenda kliniki." Sehemu ya maandishi inaenda hivi:

"Hii kichwa ilianza nadhani tukitoka ushago krismasi ama ni kabla, inauma hapa mbele na ikizidi naskia moyo ukipiga kwa masikio. Kemisti akasema ni presha ya mawazo akanipea dawa. Na kweli mawazo yako, bei ya bale imepanda. Ngazi za kwetu siku hizi lazima nisimame floo ya pili, zamani nilikuwa napanda na mtungi wa maji mpaka juu, lakini ni umri. Mgongo nameza diklofenaki, ikinichoma tumbo nameza ile ya ulsa."

Halafu mbali sana, karibu mwisho, kati ya maneno ya karo na ya mwenye nyumba:

"Piriodi imekuwa nzito lakini kwetu ni kawaida hata mathe alikuwa hivyo. Nimerudia kula odowa kama nilivyokuwa na mimba ya huyu wa mwisho, paketi nzima kwa siku, na sina mimba."

Msichana akakaa chini akaandika: kichwa na stresi, presha, ulsa, mgongo, kuchoka. Vitu vitano, fupi, safi, inasomeka kwa sekunde nne. Na hiyo listi ni mbaya kuliko zile kurasa zote, juu mtu akiingia nayo anaweza kutoka na dawa ya maumivu na dawa ya tumbo, yani zilezile ambazo ako nazo nyumbani.

Angalia kimetokea nini. Presha haikuwa dalili, ilikuwa maoni ya kemisti ambaye hakupima. Ulsa pia ni jina, kile mama aliandika ni kwamba tumbo linachoma akimeza diklofenaki, na hiyo ni habari tofauti kabisa juu imetaja dawa. Kuchoka kila mtu Nairobi amechoka, daktari anaskia hiyo neno siku nzima, lakini kusimama floo ya pili kwa mtu aliyekuwa anapanda na mtungi wa maji, hapo lazima anyanyue kichwa. Na piriodi na odowa zimetupwa, moja kwa sababu mama mwenyewe alisema ni kawaida, nyingine kwa sababu ilionekana ni tabia tu. Kwa hivyo kufupisha kulienda vibaya kwa njia mbili, kile mwili ulifanya kimebadilishwa kikawa jina la ugonjwa, na kile kinaonekana kidogo ama cha aibu kimeondolewa. Karibu makosa yote naona kwa hizi listi ni ya aina hizo.

Sasa tufanye polepole. Kwanza usiguse ile ndefu, nakili uweke kando, kazi fanya kwa ile kopi. Pitia sentensi moja moja ukijiuliza hii inasema nini: mwili ulifanya kitu, ama ni lini, ama ni kitu alifanya ama alimeza, ama ni maoni ya mtu. Maoni usifute, yasogeze chini kabisa, utayahitaji. "Lazima nisimame floo ya pili" ni mwili. "Ni umri" ni maoni. Zilikuwa sentensi moja na ukizitenganisha ile ya kwanza inabaki imesimama peke yake, haina mtu wa kuituliza, na hapo ndio unaanza kuona ni kubwa.

Tarehe ndizo zinasumbua watu. Mgonjwa anaandika "kitambo" na "juzi juzi" na "krismasi ama kabla". Usimlazimishe akupe tarehe, atakupa ya kubuni ndio muendelee. Shika vitu anakumbuka kweli, shule zilifunguliwa, mazishi ya fulani, siku walihama. Na kuna kitu kingine watu hawafikirii, meseji za M-Pesa. Huyu mama alilipa kemisti kwa simu, msichana akirudi nyuma kwa meseji anapata malipo ya kwanza kwa huyo kemisti ni katikati ya Oktoba, na mama akionyeshwa anakumbuka, ndiyo, hiyo ilikuwa ya kichwa. Kwa hivyo sio krismasi. Lakini chunga hapo, meseji inaonyesha Oktoba alikuwa ashaumwa kiasi cha kununua dawa, haionyeshi siku ilianza. Andika "kufikia katikati ya Oktoba", basi, hiyo inatosha na ni ya ukweli.

Halafu kuna lile neno "sana". Kichwa kinauma sana, nachoka sana, damu inatoka sana. Kwa karatasi fupi hilo neno halina kazi, weka badala yake kitu mtu alikuwa anafanya na sahii haezi, ama kitu unaweza kuhesabu. Kwa piriodi maswali ni ya kawaida na yanajulikana: zinakaa siku ngapi na zamani zilikuwa ngapi, siku ya nguvu unabadilisha pedi baada ya muda gani, unaamka usiku kubadilisha, kuna mabonge na ni makubwa kiasi gani. Ukizidi siku saba, ama unalazimika kubadilisha kila saa moja au mbili, ama mabonge ni ya saizi ya koini kubwa, hiyo ni nzito kwa kipimo cha hospitali hata kama nyanya yako na mama yako wote walikuwa hivyo. Nzito ya ukoo mzima bado ni damu inatoka. Haya maswali msichana anaweza kuuliza mathe yake wakiwa wawili jikoni, kama ni kijana ndiye anasaidia ni heri aite shangazi ama dada, juu mama atamwambia mwanawe "ni ya kawaida tu" na hapo mlango umefungwa.

Baada ya hapo ndio unapanga, na hapa ndipo listi inatofautiana na maandishi zaidi. Mama aliandika kwa mpangilio wa vitu venye vilimsumbua akilini, kichwa kwanza kwa sababu kichwa ndicho kilimnyima usingizi. Daktari anataka vitu vinavyotembea pamoja vikae pamoja. Kuishiwa pumzi kwa ngazi, moyo kupiga kwa masikio, kizunguzungu, kichwa, zilikuwa zimetawanyika kurasa tofauti lakini ukiangalia miezi zilikuja pamoja na zinazidi pamoja, kwa hivyo ni kundi moja. Piriodi inapata mstari wake. Odowa inapata mstari wake, hata kama hujui inaingilia wapi. Kitu hujui inaingilia wapi ndicho usikitoe.

Mstari wa juu kabisa ni umri, kilichokuleta, na muda. Kitu kimoja, sio vitano. Kama hujui uchague gani, chagua kile kimebadilisha maisha ya kila siku zaidi, ama kile kinaweza kuwa hatari, na hicho cha hatari kikiwepo kinapanda juu hata kama mwandishi alikiweka mwisho. Karatasi ya huyu mama ikaisha hivi:

Mwanamke, miaka 43. Kilichonileta: naishiwa pumzi na nguvu, kufikia Oktoba nilikuwa nayo, inazidi.

1. Ngazi: nasimama floo ya 2, mwaka jana nilifika ya 4 na mtungi wa maji bila kusimama.

2. Pamoja na hiyo: moyo kupiga kwa masikio, kizunguzungu nikisimama haraka, kichwa hapa mbele siku 3 au 4 kwa wiki.

3. Hedhi: tangu Agosti hivi zinakaa siku 8 au 9, zamani 4 au 5. Siku ya 2 na ya 3 pedi kila saa moja na nusu, naamka usiku mara 2, mabonge kama koini ya bob 20. Za mwisho zilianza tarehe 3.

4. Nakula odowa kila siku, paketi moja, tangu Novemba. Nimepima mimba wiki hii, hakuna.

5. Dawa: diklofenaki ya miligramu 50, mara 2 kwa siku, siku nyingi tangu Septemba, ya mgongo. Inachoma tumbo, nameza omeprazoli. Dawa ya kichwa ya kemisti, jina sijui, paketi nimebeba. Sijatumia dawa ya kuongeza damu. Hakuna dawa najua inanidhuru.

6. Hakuna: choo cheusi, kutapika damu, homa, maumivu ya kifua, miguu kufura, kupungua uzito.

7. Niliambiwa ni presha lakini sikupimwa.

Swali: hii kuchoka na hizi hedhi zinahusiana? Na niendelee na diklofenaki?

Soma hiyo kwa sauti, ni kama dakika moja. Na sasa hata mtu ambaye hakusoma udaktari anaona kuna barabara: damu nyingi inatoka kila mwezi, mwili unaishiwa na madini ya chuma, damu inapungua, moyo unafanya kazi zaidi, ngazi zinashinda. Hamu ya kula mawe ama udongo inajulikana kabisa kwa watu walioishiwa na madini ya chuma. Klinikal ofisa akiona hiyo karatasi jambo la kwanza ataagiza ni kupimwa damu, hemogramu, aone hemoglobini. Kwa mwanamke ambaye hana mimba Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na chini ya 8 ni mbaya sana. Baadaye pengine skeni ya kizazi kuona kama kuna fibroidi, na swali la diklofenaki litachukuliwa kwa uzito kwa sababu hiyo dawa yenyewe inaweza kuchubua tumbo likatoa damu bila mtu kujua.

Lakini angalia, karatasi haijasema popote kwamba ni upungufu wa damu. Na isiseme. Kama msichana angeandika juu "mum ana anemia" angeweza kuwa sawa na bado angekuwa ameharibu, juu daktari angeanza kufuata hilo jina badala ya kuangalia vitu vyenyewe, na siku nyingine mtu akiandika jina lisilo sahihi hivyohivyo linamvuta daktari kando. Majina ya magonjwa yanaruhusiwa kwa karatasi kama yalipimwa, na ukitaja sema yalipimwa wapi na namba ilikuwa ngapi.

Ule mstari wa sita watu wanauona kama haufai, mbona niandike kitu sina. Mimi nauona kama mmoja wa mistari ya maana zaidi, na ndio ule haumo kabisa kwa maandishi marefu, juu hakuna mtu anaandika usiku "leo sikutapika damu". Ni lazima umuulize. Na uulize vizuri, kwa mfano choo cheusi kama lami kinaweza kuwa damu ya tumbo, lakini mtu anayemeza vidonge vya kuongeza damu choo chake kinakuwa cheusi pia, kwa hivyo hivyo viwili viandikwe karibu ili vieleweke. Ndio maana nimeweka pale kwa dawa kwamba hajatumia.

Kuna hatari nyingine inakuja na kufupisha ambayo hata watu wa lugha nzuri inawapata. Unataka sentensi mbili ziwe moja, unatumia "kwa sababu". Mama aliandika mgongo unauma, kwingine akaandika anabeba bale. Ukiunganisha "mgongo unauma kwa sababu ya kubeba bale" ushatoa hukumu ambayo hakuna mtu ameitoa, na hakuna atakayeuliza tena kuhusu huo mgongo. Ziache mbili. Pia penye maandishi yanajipinga, ukurasa wa kwanza anasema kichwa ni kila siku na wa tatu anasema wiki nzima hakikuuma, usichague moja ukaficha nyingine, muulize, na kama hajui andika "kinakuja na kwenda". Na dawa za kienyeji, pombe, mambo ya kitandani, kutokwa na uchafu, hizo ndizo za kwanza kufutwa na mtu wa familia anayefupisha, kwa upendo kabisa, asimwaibishe mgonjwa. Kama mgonjwa mwenyewe hataki zisomwe na wewe, aandike huo mstari kwa mkono wake akunje karatasi.

Ukimaliza mpe mwenyewe asome. Usimuulize "iko sawa?" juu atasema iko sawa, umemsaidia na hataki kukusumbua. Muulize "ni nini imepotea hapa?" na unyamaze. Mara nyingi hapo ndipo kitu kinatoka, kwa mfano kwamba alianguka bafu mwezi uliopita akasema ni maji yalikuwa yamemwagika.

Sio kila kitu kinafaa kupangwa hivi. Mtu ambaye shida yake ni huzuni, ama haoni sababu ya kuishi, usimkate maneno yake kuwa pointi, weka mstari mmoja juu unaosema hivyo wazi, kisha mwache aongee. Na kuna wakati wa kutoandika kabisa: pedi inalowa kila saa kwa masaa mfululizo na mtu anazimia, kifua kinabana, uso umepinda ama mkono upande mmoja hauna nguvu, mjamzito anatokwa na damu. Hapo ni kuondoka sahii, mengine mtaeleza mkifika.

Kwa kliniki, usingoje mpaka ndani. Mpe nesi wa triaji hiyo karatasi ama msomee mstari wa juu na ule wa hatari, kwa sababu sisi ndio tunaamua nani hawezi kukaa kwa foleni, na huyu mama midomo ikiwa meupe na ngazi zinamshinda siwezi kumwacha nje masaa manne nikijua. Ndani soma mstari wa kwanza halafu mpe daktari karatasi mkononi. Ile ndefu ikae kwa simu, akiuliza kitu ambacho hakiko mtatafuta. Ukitoka geuza karatasi, nyuma uandike tarehe, kipimo gani kilifanywa na namba iliyotoka, dawa gani na kipimo chake, na lini urudi, halafu ibandike ndani ya kile kitabu chako cha hospitali, juu ukienda kliniki nyingine faili ya huku haitakufuata.